Kiwiko kinachogeuka jiwe: mfupa unaoota ndani ya misuli

Wadogo zangu mnaoanza zamu ya mifupa hapa Goma, nitawasimulia kiwiko kimoja tu, maana kilinifundisha kusoma picha ya eksirei kwa macho mengine.

Alikuwa kijana wa chukudu. Aliteremka na mzigo wa viazi kutoka upande wa Kibumba, akaanguka, kiwiko kikateguka kwenda nyuma na kichwa cha mfupa wa radiasi kikavunjika. Nyumbani walimpeleka kwa mganga wa mifupa, akamkanda kwa mafuta moto asubuhi na jioni. Alifika kwetu siku ya 9, kiwiko bado nje ya mahali pake. Tulimfanyia upasuaji, tukakirudisha, kikatulia.

Wiki ya 4 akarudi. Kiwiko kimevimba, kina joto, kinauma, na kila siku kinapinda kidogo kuliko jana. Mimi nikafikiria usaha, nikamwandikia antibiotiki. Kidonda kilikuwa kikavu na homa hakuna, lakini sikutulia kuyapima hayo. Picha ilionyesha wingu jepesi nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kama pamba iliyochanwa. Nililiona, nikalipita.

Wingu lile ndilo ugonjwa wenyewe. Vitabu vinauita osifikesheni ya heterotopiki: baada ya jeraha, chembe changa zilizo kwenye misuli na tishu za kando hupotea njia, zikaanza kutengeneza mfupa halisi mahali pasipo pake. Wa kushukiwa mapema ni mwenye kiwiko kilichoteguka pamoja na kuvunjika, aliyecheleweshwa kurudishiwa kiungo, aliyeumia kichwa au uti wa mgongo, aliyeungua sana, na yule aliyewahi kuota mfupa wa namna hiyo. Kukanda na kuvuta kiungo kwa nguvu sina ushahidi wa kukata shauri kwamba ndiko kunakoanzisha mfupa, lakini kunararua misuli upya, nami nakukataza. Mgonjwa akipinde mwenyewe, hadi pale maumivu yanapomwambia basi.

Picha ya wiki ya kwanza isikudanganye. Mara nyingi haionyeshi kitu kabla ya wiki ya 3 hadi ya 6, wakati mkono umeshaanza kukaza. Baadaye wingu linakusanyika, kisha linapata ganda. Ukitaka kujua kama limeiva, fuata ukingo wake polepole: je, umechorwa kama kwa kalamu, na ndani unaona nyuzinyuzi za mfupa wa kawaida? Piga picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 6, uiweke kando ya ile ya kwanza. Kama hakuna kilichobadilika, na kiwiko hakina joto wala uvimbe, mfupa umeiva. Fosfatasi alkalini katika damu hupanda mapema, ila haikuambii siku ya kukata.

Zamani tulifundishwa kungoja mwaka mzima au zaidi. Leo kwa mfupa uliotokana na jeraha la kiungo, wengi hukata kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 6, picha ikiwa imekomaa. Ukiwahi mno, mfupa mchanga hutoka damu nyingi na mpaka wake hauonekani. Ukichelewa mno, kifuko cha kiungo kinakakamaa na misuli inasinyaa. Kidole kidogo kikianza kufa ganzi na mkono kupoteza nguvu, hesabu ya miezi haina kazi tena: neva ya alna inabanwa.

Kijana wetu alikuwa anapinda kati ya nyuzi 65 na 90 tu. Hakuweza kufikisha ugali kinywani kwa mkono huo. Tulikata mwezi wa 7 tangu aanguke. Kwanza tulitafuta neva juu, penye nyama safi, tukaifuata kushuka hadi ilipozama chini ya mfupa, na ndipo patasi ikaguswa. Mezani tulipata nyuzi 20 hadi 125.

Ili mfupa usirudi, tulimpa indometasini miligramu 25 mara 3 kwa siku, wiki 3, pamoja na omeprazoli, baada ya kupima figo. Kinga hii imethibitika zaidi kwenye nyonga, baada ya kiungo bandia au kuvunjika kwa asetabulamu. Kwenye kiwiko tunaiazima. Mionzi ya dozi moja, gray 7 hadi 8, hutolewa ndani ya saa 24 kabla ya upasuaji au 72 baada yake, lakini hapa kwetu mashine hiyo hatuna. Na mahali ambapo mfupa uliovunjika bado haujaunga, indometasini na mionzi vyote vinaweza kuuzuia usiunge, kwa hiyo angalia picha kabla ya kuandika dawa.

Alianza kupinda kesho yake asubuhi. Picha ya wiki ya 6 baada ya kukata ilikuwa na kivuli kimoja mbele, kama punje ya haragi. Tulikiacha. Mwezi wa 6 baada ya kukata alikuwa na nyuzi 30 hadi 120, na kivuli kilikuwa kilekile.