Kukagua boksi la mseto kwa picha: nini kinaonekana na nini hakionekani

"Wakuu, jamaa ananiuzia dawa ya mseto ya malaria kwa bei ya chee, kanitumia picha ya boksi WhatsApp. Naweza kujua kama ni orijino au feki kwa kuangalia picha tu?"

Mkuu, picha inaweza kukuonyesha kwamba boksi ni feki, ila haiwezi kukuhakikishia kwamba dawa ni nzima. Nauza dawa, na picha za namna hii naletewa mara kwa mara, kwa hiyo nakueleza ninavyozikagua.

Picha aliyokutumia iweke kando. Bila shaka ni ya upande wa mbele, na upande huo ndio rahisi kuiga: mtu anampelekea mpiga chapa boksi halisi na kurudishiwa nembo na rangi zilezile. Mwaka 2012 huko Luanda, Angola, zilikamatwa pakiti milioni 1.4 bandia za Coartem, mojawapo ya dawa za mseto, zimefichwa ndani ya spika. Vidonge vyake vilikuwa vya njano kama vya kweli, na dawa ya malaria haikuwemo.

Mwombe picha nyingine tatu: ubavu wenye namba ya toleo na tarehe, mgongo wa stripu (ile karatasi ya fedha), na mfuniko wa boksi kabla haujafunguliwa. Azipige kivulini mchana bila flashi, kisha azitume kama faili, maana WhatsApp ikibana picha maandishi madogo yanafifia. Kando ya boksi aweke karatasi yenye tarehe ya leo kwa mkono wake. Akianza kuzungushazungusha hapo, huenda hata boksi lenyewe hana.

Sasa chukua mfano wa picha alizoniletea mama mmoja, mseto wa vidonge 24. Boksi lilisema toleo KT4417, imetengenezwa 04/2024, mwisho 03/2027. Kwenye stripu toleo lilikuwa hilohilo KT4417, lakini mwisho ni 03/2026. Toleo moja halina tarehe mbili za mwisho. Halafu nilikuwa na boksi la dawa hiyohiyo rafuni, lenye miezi 24 tangu kutengenezwa hadi mwisho, wakati la kwenye picha lilikuwa na miezi 36. Dalili zote zilielekea upande mmoja: stripu inayokaribia kuisha muda imevalishwa boksi jipya.

Nikakuza picha ya ubavu. Kawaida boksi huchapwa kwanza likiwa tupu, na namba ya toleo na tarehe huongezwa baadaye kwenye mashine ya kufungashia. Ndiyo maana maandishi hayo huwa tofauti na mengine: nukta nukta za wino, au yamegandamizwa yakaacha alama kwenye karatasi, na mara nyingi yamekaa upandeupande kidogo. Yule mama, tarehe zake zilikuwa na wino uleule na ukali uleule wa anwani ya kiwanda. Zilichapwa pamoja na boksi.

Kilichomaliza ubishi ni kile kimraba cha nukta nyeusi. Nilikisoma kwa programu ya kusomea misimbo kwenye simu, na ndani yake mlikuwa na:

```
17260331
10KT4417
```

Namba 17 inatangulia tarehe ya mwisho kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, yaani 31 Machi 2026. Namba 10 inatangulia toleo. Mwigaji alibadilisha maandishi yanayosomeka kwa macho akakisahau kimraba. Si kila boksi linacho, na kikiwa sawa na maandishi bado si ushahidi wa kutosha, kwa sababu toleo halisi pia hunakiliwa.

Kwenye mfuniko tazama gundi. Ukifunguliwa na kugandishwa tena, nyuzi za karatasi hubaki zimechunika au gundi huvuja pembeni. Stika iliyobandikwa juu ya tarehe, mimi naikataa bila mjadala. Ile ya kung'aa rangi za upinde wa mvua haina uzito wowote kwangu, zinauzwa kwa roli.

Ukiwa na stripu mkononi, angalia kidonge chenyewe. Coartem ya vidonge 24 ina herufi N/C upande mmoja na CG upande wa pili. Za kampuni nyingine zina alama zake, linganisha na zilizoko famasi unayoiamini.

Hata yote yakikaa sawa, kilichomo kidongeni hakipigwi picha. Mwaka 2015 WHO walitoa tahadhari kuhusu vidonge vilivyoandikwa diazepam huko Ituri, Kongo, ambavyo kumbe vilikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Watu walikakamaa shingo na uso mpaka wakadhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Hapo ni maabara tu.

Kwa hiyo huyo jamaa usimtumie hela kwanza. Kama boksi limeshafika, usilitupe wala usirudishe: lipeleke zima na risiti ofisi ya TMDA iliyo karibu kama uko Tanzania, au Pharmacy and Poisons Board kama uko Kenya. Na kama kuna mgonjwa ameshaanza kuzimeza, mpeleke kituo cha afya leo hii akapimwe, na hiyo stripu aende nayo.