Mshazari wa pili: kabla ya kuzidisha, hakikisha kuna duara

SWALI: Nina pembenne ABCD. AB = sm 7, BC = sm 24, CD = sm 20, DA = sm 15, na mshazari AC = sm 25. Tuisheni tulipewa njia ya mkato: zidisha pande, jumlisha, gawa kwa mshazari unaoujua. Mimi napata BD = 18.72, mwenzangu anapata 20. Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako. Wewe umezidisha pande zinazopakana: 7 × 24 + 20 × 15 = 468. Kanuni ya Ptolemi inataka pande zinazotazamana:

AC × BD = AB × CD + BC × DA
25 × BD = 7 × 20 + 24 × 15 = 500

Basi BD = sm 20. Kosa lako halijitangazi, kwa kuwa hata pembetatu yenye pande 7, 15 na 18.72 inachoreka.

Ila hata mwenzako kapatia kwa bahati, maana hakuna kati yenu aliyeuliza kama vipeo vyote vinne vimo kwenye duara moja. Hilo ndilo sharti lenyewe, na hao wauza njia za mkato hulifyeka kila mara. Swali lako halikulitaja, kwa hiyo lazima tulipime. Mshazari AC unakata umbo kuwa pembetatu mbili. 7² + 24² = 625 = 25², hivyo pembe B ni nyuzi 90. 20² + 15² pia ni 625, hivyo D nayo ni nyuzi 90. Pembe zinazotazamana zimefika 180, duara lipo, na AC ndiyo kipenyo chake. Namba zisipokuwa nzuri hivi, tafuta kosini ya B na ya D: zikijumlishwa zisipotoa sifuri, weka Ptolemi pembeni.

Ukiilazimisha pasipo duara, jibu huzidi ukweli siku zote, kwa sababu AC × BD hapo ni ndogo kuliko ile jumla. Chukua kiwanja chenye pande nne za mita 25 kila mmoja na mshazari wa mita 30. Njia ya mkato itakupa 1250 ÷ 30, yaani karibu mita 41.67. Kamba ikivutwa inasoma 40 kamili, kwani mishazari ya umbo hilo hukatana katikati kwa pembe mraba: 25² − 15² = 400, kipeo chake cha pili ni 20, nayo ndiyo nusu ya mshazari. Mita moja na zaidi imezuliwa na kikokotoo, na hapo ndipo majirani wanapoanza kuhamishiana bikoni.

Viwanja vingi havina duara. Kwa hivyo tumia kanuni ya kosini: tafuta pembe BAC na CAD kutoka pembetatu zake, zijumlishe upate BAD, kisha tumia AB, AD na pembe hiyo kupata BD.