Skrini inarukaruka nikigusa kifuniko

"Wakuu, laptopu yangu nikisogeza kifuniko kidogo tu skrini inatetemeka na kuzimikazimika. Nikiiacha inatulia. Kioo ndio kimekufa?"

Mkuu, usikimbilie kununua kioo. Unganisha tivii kwa waya wa HDMI, kisha fungua na kufunga kifuniko taratibu. Picha ya kwenye tivii ikitulia huku ya laptopu ikirukaruka, kadi ya picha ni nzima. Mshukiwa wa kwanza ni kebo ya skrini.

Yangu ilikuwa inatulia kwenye pembe moja tu. Nilipotoa fremu ya plastiki nikakuta skrubu za bawaba ya kushoto zimelegea, na bawaba imekuwa ikiibana kebo kila nikifungua. Ganda lilikuwa limechubuka, nyuzi mbili ziko uchi, nyembamba kama unywele. Fundi mmoja aliizungushia tepu ya umeme, ikadumu wiki mbili.

Badilisha kebo nzima. Itafute kwa namba iliyo kwenye lebo yake, na hakikisha pini zinalingana, maana kuna za 30 na za 40. Chomoa betri kabla hujagusa kebo: umeme wa taa ya skrini unapita humo humo, na shoti inaweza kuunguza fyuzi kwenye ubao. Kaza bawaba kwanza, la sivyo kebo mpya nayo itakatika.