Ukihama saluni, hesabu siku kwa nywele za wateja

Mara ya kwanza nilipohamisha saluni niliwaambia wateja wiki mbili kabla, na nikajiona nimejitahidi kweli. Nikabandika karatasi mlangoni, nikaweka stetasi siku tatu mfululizo, nikahama. Mwezi uliofuata viti vilikuwa vitupu mpaka saa nane mchana, nikaanza kufikiri nimelogwa. Baadae nikakutana na mteja wangu wa siku nyingi, kichwani ana rasta mpya, tena zimesukwa vizuri, akanishangaa: "We si ulifunga? Nilikuja nikakuta kufuli, jirani akasema umeacha kazi."

Nikapiga hesabu. Huyu dada alisuka kwangu wiki tano kabla sijahama. Tangazo langu la wiki mbili limetoka rasta bado ziko kichwani, sasa angepita pale kufanya nini?

Wa kuosha na kuseti utamuona kila wiki au kila baada ya wiki mbili, wa kucha za jeli wiki mbili tatu hivi, lakini wa rasta anakaa nazo wiki sita mpaka nane, na wa dawa anarudi kuritachi wiki ya nane au hata zaidi. Kwa hiyo ukitaka kila mtu asikie habari kutoka mdomoni kwako akiwa amekaa kitini, lazima uanze kusema wiki kumi kabla. Nilivyohama mara ya pili ndo nilifanya hivyo.

Ila usiseme kabla hujasaini mkataba na kulipa, maana dili la fremu linaweza kufa siku ya mwisho. Na tarehe usiitaje mapema. Mimi nilianza kwa kutaja mahali na mwezi tu, siku yenyewe nikaitaja baada ya fundi bomba kumaliza masinki na mimi mwenyewe kuona maji ya moto yanatoka na draya mbili zinawaka pamoja bila umeme kukatika. Ukitaja tarehe halafu ukaisogeza mara mbili, hata ile ya kweli hawaiamini tena.

Kuhusu meseji, hapa wengi tunajidanganya. Ile brodikasti ya Wasap inamfikia tu mtu aliyesevu namba yako kwenye simu yake, asiyeisevu haioni kabisa na wewe huambiwi chochote. Stetasi nayo ni hivyo hivyo. Niligundua kwa kuangalia tiki, tiki moja siku nne wakati mtu najua yuko hewani. Basi nikachukua daftari la miadi, nikaandika majina yote ya miezi sita nyuma, nikawa natuma meseji moja moja, kumi kwa siku, na jina la mtu mwanzoni. Ilikuwa hivi: "Dada fulani, saluni inahamia jengo lililo nyuma ya hapa tulipo, ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto. Namba ya simu ni hii hii, bei ni zile zile, wasusi ni wale wale. Hapa siku ya mwisho ni Jumamosi, kule tunaanza Jumanne." Hayo mambo ya bei na wasusi usiyaache, kila niliyeongea naye aliuliza hayo kabla hata ya kuuliza ni wapi.

Asiyejibu nampigia. Anayekuja kusuka, kabla hajanyanyuka kwenye kiti namwandikia siku yake ya kurudi, na kama inaangukia pale papya namtumia pini ya ramani hapo hapo huku naona anaifungua. Huyo tayari ana miadi, hatafuti saluni nyingine.

Wasusi wangu niliwaambia kabla ya mteja yeyote. Mara ya kwanza walisikia mtaani, mmoja akaanza kuwapa wateja namba yake binafsi, na kusema ukweli simlaumu sana, hakujua kama kazi bado anayo.

Pale pa zamani nilimuomba mwenye nyumba bango likae miezi mitatu, lenye mshale na namba ya simu kwa herufi kubwa, na yule jirani wa "ameacha kazi" nilimpelekea kadi za biashara mkononi nikamweleza mwenyewe. Kwenye ramani ya mtandaoni badilisha anwani ya saluni ile ile, usifungue ukurasa mpya, la sivyo ile ya zamani itaendelea kupeleka watu kwenye kufuli.

Kuna ambao hawakuja, hao niliwaacha waende kwa amani. Yule dada wa rasta alikuja wiki ya tatu, kachelewa nusu saa, alipitia kwanza kule kwa zamani kwa mazoea, akasoma bango.