Tumwiteje? Maswali na majibu kuhusu maneno ya ulemavu na maradhi

Bi Mwalimu, hapa Langoni kuna mzee ambaye tangu utotoni twamwita Fulani Kiwete. Akiitwa huitika, na mara nyingine hucheka. Mwanangu amerudi kutoka chuo aniambia namtukana. Kweli?

Kuitika si kuridhika, baba. Mtu aliyepachikwa jina akiwa mtoto hakuulizwa, na akikua nalo hana pa kulirudisha. Kucheka pia kuna kwingi. Wako wanaocheka kwa sababu wakinuna, watu ndiyo wataongeza.

Najua utaniambia Lamu bila lakabu haiendi. Kina Ali na kina Omari ni wengi, lazima wapambanuliwe. Lakini hupambanuliwa kwa kazi, kwa mtaa, kwa jina la mama, na hayo hayamuumi mtu. Jina lililotoka kwenye mguu wake humfuata hata katika jambo lisilohusu mguu. Akisuluhisha ugomvi, "Kiwete kasuluhisha". Akioza binti yake, "binti wa Kiwete". Hapo jina halimtambulishi tena, lamtangulia.

Kuna hoja huletwa barazani kwamba hata wanazuoni waliitwa hivyo. Ni kweli. Abdurrahman bin Hurmuz, aliyepokea hadithi nyingi kwa Abu Huraira, ajulikana kwa jina la al-Aaraj, yaani mwenye kuchechemea. Sulaiman bin Mihran yeye ni al-Aamash, kwa udhaifu wa macho yake. Basi malizeni hoja: wanazuoni walioruhusu majina hayo waliyaruhusu kwa kumtambulisha mtu tu, pasiwe na nia ya kumshusha, na wakasema ikipatikana njia nyingine ya kumtambulisha, hiyo ni bora. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza kuitana kwa majina ya kejeli, imebaki pale pale. Na kwa upande wa serikali, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Mfuate mzee wako mkiwa wawili tu, si barazani mbele ya watu, umuulize apenda kutajwa vipi. Akisema apenda jina la babake, au "fundi" kama ni fundi, anza wewe, na wenzako watafuata polepole. Akisema "Kiwete ni langu, niacheni nalo", basi ni lake yeye na wa rika lake waliokua pamoja. Watoto wa mtaa haliwahusu.

Katika semina moja tulifunzwa kuwa "kiziwi" na "kipofu" ni matusi kwa sababu yana ki- ya vitu, tuseme "mwenye ulemavu wa kusikia". Ndugu yangu hasikii tangu kuzaliwa. Nilipomwandikia hivyo alikasirika, asema yeye ni kiziwi. Nimfuate nani?

Mfuate ndugu yako.

Hoja ya ki- ina ukweli nusu. Kijana, kiongozi na kinyozi pia wana ki-, na hakuna aliyelalamika. Cha kutazama ni upatanisho. Twasema "kiziwi amekuja", kama tusemavyo "mtu amekuja". Anayesema "kiziwi kimekuja" ndiye aliyemfanya mwenzake kitu, naye alikusudia.

Neno linalonisumbua mimi ni "kilema". Kilema ni jina la dosari yenyewe: mtu ana kilema cha mkono, ana kilema cha mguu. Ukisema "yule ni kilema", umemwita kwa jina la dosari yake, yeye mwenyewe hayumo. Kiziwi si hivyo. Kiziwi ni mtu, na hali yake ni uziwi.

Tena viziwi wengi wenyewe wamelichukua neno hilo kwa hiari. Wenzetu wa Tanzania wana CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo hawakubandikwa na mtu. Hawajioni watu waliopungukiwa na kitu bali watu wenye lugha yao, na hapa kwetu lugha hiyo ina nafasi rasmi: kifungu cha 120 cha Katiba kimeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za Bunge. Neno wasilolitaka ni "bubu". Kiziwi ana sauti, na wengi huitumia. Kutosikia ndiko kulikomzuia asijifunze kuipanga kama wewe.

Kwa asiyeona mambo hayako sawa hivyo. Wengi hupenda "asiyeona", na kwa anayeona kidogo husemwa "mwenye uoni hafifu", kwani si wote wasioona walio gizani kabisa. Wako pia wanaojiita kipofu bila shida. Usipomjua mtu, anza na "asiyeona", naye akikusahihisha, kubali.

Bi, twachangisha pesa za mtoto wa jirani. Nimeandika ujumbe wa kikundi cha mtaa: "Ndugu, mtoto huyu maskini amezaliwa kilema, hawezi lolote, ateseka kitandani, mamake amebeba mzigo mzito. Tumhurumie apate kigari." Nimeweka na picha yake. Binti yangu asema ni aibu. Lakini bila huruma nani atatoa?

Nimeuliza zaidi, na dada amenijibu: mtoto ana miaka tisa, yuko gredi ya tatu lakini huenda shule siku zile tu anapopatikana wa kumbeba, na daktari alisema ana mtindio wa ubongo. Ukiyajua haya, ujumbe ule waonekana una makosa mawili, na moja litakugharimu pesa.

Nianze na hilo la pesa. "Kilema" haimwambii mtoaji mtoto ana nini, na "kigari" haimwambii ahitaji nini. Utaletewa kiti cha magurudumu cha mtu mzima, kilichotoka hospitali fulani, na watu watapiga makofi. Mtoto wa miaka tisa akikaa humo huzama, huinama upande, na mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya kiwiliwili haimshiki vizuri huinama zaidi. Akizoea kukaa hivyo, mgongo waweza kupinda. Kiti chake chatakiwa kipimwe: upana wa kikalio ulingane na nyonga zake, na kina chake kiwe umbali wa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguza sentimita tatu hadi sita ili ukingo usimkate miguu. Huenda akahitaji na vishikizo vya kifua. Halafu kuna vichochoro vyetu, mitaro na ngazi zake. Mwambie mtaalamu wa tiba ya viungo mtoto apita wapi akienda shule, kabla kiti hakijaagizwa.

La pili ni kwamba mtoto mwenyewe hayumo katika ujumbe. "Hawezi lolote" si kweli, kwani yuko gredi ya tatu. "Ateseka kitandani" umeikisia. "Mzigo mzito" ndilo ningelifuta kwanza, kwa sababu mtoto wa miaka tisa ajua kusoma, na simu ya mamake huishika. Mzigo ni gharama ya kiti na njia isiyopitika.

Ningeandika hivi: "Jirani yetu mdogo, miaka tisa, yuko gredi ya tatu. Ana mtindio wa ubongo, hali iliyoathiri misuli ya miguu na mgongo. Akili yake iko sawa na masomo ayapenda. Hukosa shule kwa kukosa kiti cha magurudumu cha kipimo chake. Mtaalamu amempima na bei ni hii. Atakayeweza achangie kwa namba hii, na hesabu itatolewa hapa hapa."

Ile sentensi ya akili nimeiweka makusudi. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na athari yake kubwa ni kwenye mwendo na misuli. Wengine huwa na shida ya kujifunza pia, wengine hawana kabisa. Lakini kwa jinsi jina lilivyo, watu wengi wakilisikia hudhani ni upungufu wa akili. Kama mwalimu wake angesema kweli ana shida ya kujifunza, sentensi hiyo ungeiondoa; usimtungie mtoto sifa ili apendeze.

Picha iondoe, isipokuwa mama amekubali na mtoto mwenyewe ameulizwa. Akikubali, mpige akiwa amekaa na daftari lake, si kitandani. Na huruma usiiogopee, dada. Watu wa hapa watatoa, na safari hii watajua wanatolea nini.

Mimi niko Malindi. Kijana wangu ana kifafa. Shuleni wamwita "mtoto wa kuanguka" na mwalimu huniandikia tu "leo mashetani yalimpanda". Nifanye nini?

Mama, kwa imani ya mwalimu sitaingia. Lakini mwambie kuwa daktari hawezi kufanya kazi na maneno hayo. Ahitaji kujua: mtoto alikakamaa mwili mzima au mkono mmoja ulianza? Macho yalielekea wapi? Ilichukua dakika ngapi? Alizindukaje, na aliumia? Mpe mwalimu daftari dogo aandike hivyo: "Saa nne kasoro, kifafa kilimshika, alikakamaa kisha akatikisika, dakika mbili, akalala." Kwa maelezo kama hayo daktari huamua kama dawa ni ile, kama kipimo kiongezwe, au kama kuna lingine.

Mwambie pia kwamba kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla mtoto hajazinduka, ni cha kukimbiza hospitali. Wakati huo alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kitambaa mdomoni. Wenzake wasimkimbie, povu haliambukizi, na kifafa hakiambukizwi kwa njia yoyote.

Kwa watoto wa darasa, "ana kifafa" yatosha. Ni ugonjwa alionao, kama mwingine alivyo na pumu, na siku nyingi za mwaka hauonekani.

Na sisi wengine tujiiteje? Nikisema "walemavu na watu wa kawaida" naambiwa nimekosea.

Sema "wasio na ulemavu". "Wa kawaida" humfanya mwenzako kioja. "Wazima", ambalo hapa pwani hutujia upesi zaidi, humfanya mgonjwa, naye huenda ana afya kukushinda wewe na mimi. Tena mara nyingi huhitaji neno lolote. Kama ni tangazo la mkutano wa mtaa, andika "watu wote", kisha uhakikishe mlango wa ukumbi hauna ngazi.