Mvuke wa mkate kwenye kipeperushi: mwanga utoke nyuma

Picha nyingi za bekari huharibika kwa sababu moja: mpiga picha analipa dirisha mgongo, mwanga unaupiga mkate usoni, na mvuke hauonekani hata ukiwepo. Mvuke ni matone madogo sana ya maji. Yanang'aa mwanga ukitoka nyuma yake, na jicho linayaona tu kukiwa na kitu cheusi nyuma.

Tuseme unatengeneza kipeperushi cha A5 cha bekari ya Kisumu: mkate mmoja, skonzi nne, kibao cha mbao kisichong'arishwa. Weka meza karibu na dirisha, lakini dirisha likae nyuma ya mkate, pembeni kidogo, lisionekane kwenye picha. Tundika kitambaa cheusi kama mita moja nyuma ya kibao. Mbele ya mkate, upande unaotazamana na dirisha, simamisha karatasi nyeupe ya manila ili uso wa mkate usibaki gizani. Zima flashi.

Piga mapema, kama saa moja asubuhi. Hewa ya Kisumu ikishapata joto, mvuke hupotea haraka. Nakuru kwenye baridi utapata muda zaidi. Usitegemee mkate mzima, maana ganda huzuia mvuke. Pasua mmoja ukiwa umetoka tu kwenye oveni, ukijua kwamba ndani utakuwa na utando kama ugali mbichi na hautauzika. Ule mvuke hudumu sekunde chache, kwa hiyo ficha kikombe cha maji yaliyochemka nyuma ya skonzi. Funga madirisha mengine na uzime feni. Upepo kidogo tu huuvunja.

Unga uje mwisho, tena kwenye picha ya pili. Ukiunyunyiza juu ya mkate unaotoa mvuke, unageuka uji na kuacha madoa ya kijivu. Simu unayopigia picha ibaki kwenye stendi ileile ya picha ya kwanza, bila kuguswa. Ondoa kikombe, mkate upoe, kisha mtu agongegonge chekecheke lenye kijiko kimoja cha unga wa ngano, sentimita 30 juu ya kibao. Katika hali ya Pro ya kamera ya simu, mvuke unatosheka na kasi ya shata ya sekunde 1/125. Unga unaoanguka unahitaji 1/500 au zaidi, la sivyo chembe zinakuwa michirizi. Picha ikiwa giza, pandisha ISO. Kazi hii isifanywe karibu na jiko linalowaka: unga uliotawanyika hewani unaweza kushika moto.

Kwenye kompyuta, katika programu ya kuhariri picha, weka picha ya unga juu ya ile ya mvuke na uchague hali ya kuchanganya tabaka iitwayo `Lighten`. Palipo peusi panatoweka, unga na mvuke vinabaki pamoja. Acha nafasi nyeusi juu kwa bei na simu ya duka.

Kwa uchapaji wa 300 dpi, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, faili iwe pikseli 1819 kwa 2551. Ukiituma kwa mchapaji kupitia WhatsApp, chagua `Document`. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na mvuke ndio wa kwanza kugeuka mabaka.