Posti yetu ya tarehe ya harusi ilichekesha ukoo mzima, na tarehe haikusahaulika

Kuna mdogo wangu kaniandikia jana usiku: “Dada, nipe yale maneno mliyoposti wewe na shemeji, nami nibadilishe majina.” Maneno nampa, ila majina hatayakuta, maana hatukuyaandika. Ndiyo raha yake. Mimi ni Mchaga wa Marangu, mwenzangu ni Mbondei wa Muheza. Tuliandika hivi:

“Ndizi za Marangu zimekutana na nazi ya Muheza. Wazee wa pande zote wameonja, wamesema chumvi imetosha. Jumamosi, 4 Oktoba 2025, Moshi mjini. Msipange safari, msipange kuumwa. Kadi inafuata. #NdiziNaNazi2025”

Basi. Mpaka leo nikipita kwenye kikundi cha ukoo naitwa Mama Nazi, na sikatai.

Hashitegi ndiyo iliyotuchosha. Kwanza tuliunganisha majina yetu mawili, tukaitafuta Insta kabla ya kuitumia, tukakuta harusi za watu wengine wenye majina hayo hayo, na keki zao na maharusi wao. Tukaja na #NdiziNaNazi, tukaitafuta nayo: mapishi matupu! Ndipo tukaongeza mwaka mwishoni, na hapo hakukuwa na mtu. Kwa hiyo tafuta kwanza, ndugu yangu, usije ukachanganya picha zako na sufuria za watu. Halafu anza kila neno kwa herufi kubwa. Simu haijali kubwa wala ndogo, lakini macho yanajali: mjomba wangu aliiona imeandikwa ndizinanazi, akauliza kwa nini harusini kutakuwa na nanasi. Na usiweke nafasi wala kistari. Shoga yangu mmoja aliandika #Ndizi-Na-Nazi2025, kiungo kikakatikia kwenye #Ndizi, picha yake nzuri ya sare ikaenda sokoni.

Sasa picha. Tarehe, mji na hashitegi viandikwe juu ya picha yenyewe, kwa herufi ambazo shangazi atazisoma bila miwani, kisha uvirudie kwenye maelezo ya chini. Picha ikishaanza kusambazwa kwenye vikundi vya Wasapu, mara nyingi inafika peke yake, maelezo yamebaki njiani. Na usitegemee stetasi tu. Inakaa saa 24, na asiye na namba yako kwenye simu yake haioni. Wazee wengi ndio hao. Sisi tuliwatumia mmoja mmoja, tena asubuhi kabla ya kuposti, ili asiwepo wa kusema “nimesikia kwa watu”. Baba mdogo angejua kupitia mtandao, hiyo harusi tungeifanyia uani.

Jina la ukumbi hatukuliweka, na hapa bado nina kidonda. Ukumbi wa kwanza walitukubalia kwa mdomo, tukashikana mikono, meneja akatupa na soda. Tulipopeleka malipo ya awali tukaambiwa kuna mtu ametangulia kulipa, na tarehe ni yake. Nililia garini. Kama tungekuwa tumeshatangaza, ningelia mbele ya watu elfu. Tulipata ukumbi mwingine Jumamosi hiyo hiyo, na posti haikutoka mpaka stakabadhi ikawa mkononi, mchungaji amethibitisha tarehe na mahari imemalizwa. Wewe nawe usitangaze tarehe ya ahadi; tangaza tarehe yenye risiti. Wala usidhani posti inatosha kisheria: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe kwa mfungishaji ndoa siku 21 kabla, na hilo halina utani wa ndizi.

Jambo jingine, namba ya michango isikae kwenye posti hii. Kamati itaundwa, kadi za michango zitatoka, watu watadaiwa vya kutosha. Kuna aliyekomenti kwangu, “Haya, na sisi tunachangia bei gani?” kabla hata sijapokea hongera ya tatu. Nilimjibu “Leo ni bure, cheka kwanza,” na komenti hiyo ikapata vicheko kuliko posti yenyewe. Lakini iliniuma. Watu wamezoea kusikia harusi wakashika mfuko, kwa sababu maharusi tumewazoesha. Mwache mtu afurahi siku moja.

Baada ya harusi nilifungua hashitegi nikitarajia mamia ya picha, nikakuta chache. Wageni wengi akaunti zao zimefungwa, na picha ya akaunti iliyofungwa haionekani hadharani hata ukiiwekea hashitegi. Mwombe mshereheshaji atangaze ukumbini kwamba wenye akaunti zilizofungwa wakutumie picha Wasapu, na atangaze kabla chakula hakijatoka, kwa sababu baada ya hapo hasikilizwi na mtu.